Tokeo la Miezi Kumi na Miwili

Ujumbe uliingia usiku, baada ya rasimu ya nne kusambazwa, nao ulikuwa mfupi: "Mdogo wangu, kazi nzuri sana. Ile ya miezi kumi na miwili tuiache kwanza, itawachanganya wasomaji. Jumatatu tutume."

Aliyeandika ni daktari bingwa wa moyo, mtafiti mkuu wa mradi. Aliyeandikiwa ni mtakwimu wa mradi huohuo, mwanamke aliye mdogo kwake kwa miaka ishirini hivi, ambaye kila asubuhi humwamkia shikamoo kabla ya kumwambia neno lingine lolote. Wote wawili nimewatunga, na takwimu zao nimezipanga mwenyewe ili msomaji aweze kuzifuata kwa kalamu na karatasi. Ombi lenyewe sikulitunga. Mwaka 2018 jarida la Annals of Internal Medicine lilichapisha utafiti uliowauliza watakwimu wa tiba nchini Marekani ni maombi gani yasiyofaa waliyowahi kupewa na watafiti wanaowahudumia. Walijibu 390. Kuombwa kughushi matokeo waziwazi kulikuwa nadra. Kilichowafika wengi ni mambo ya chini kwa chini: kuondoa rekodi fulani ili dhana ya mtafiti isimame vizuri, kunyamazia data zilizopotea, kutafsiri matokeo kwa kufuata yaliyotarajiwa badala ya yaliyopatikana.

Tuwarudie watu wetu. Jaribio lao lilikuwa jepesi kulieleza. Wagonjwa 400 wa shinikizo la damu, wanaohudhuria kliniki za wilaya mbili, waligawanywa kwa kura. Mia mbili walipata huduma ya kawaida. Mia mbili wengine walipata huduma hiyohiyo, na juu yake meseji ya simu mara tatu kwa wiki kuwakumbusha dawa na siku ya kliniki. Swali lilikuwa moja: baada ya miezi 12, je, waliopata meseji watakuwa wengi zaidi miongoni mwa wale ambao presha yao imeshuka chini ya 140 kwa 90? Presha ingepimwa pia kwenye miezi 6, kwa ajili ya kufuatilia mwenendo tu. Hayo yaliandikwa kwenye itifaki, yakapitishwa na kamati ya maadili, na jaribio likasajiliwa kwenye sajili ya majaribio ya tiba ya Afrika, PACTR, kabla mgonjwa wa kwanza hajaingizwa.

Kwenye miezi 6 walirudi kupimwa wagonjwa 180 wa kundi la meseji na 178 wa kundi la kawaida. Waliodhibiti presha walikuwa 98 upande wa meseji, yaani asilimia 54, na 76 upande wa pili, asilimia 43. Tofauti ya karibu pointi 12. Mtakwimu akakokotoa: kama meseji hazina athari yoyote, tofauti ya ukubwa huo au zaidi ingejitokeza kwa bahati tu mara mbili au tatu katika majaribio mia. Hiyo ndiyo thamani ya p ambayo watafiti huisaka, na desturi imeweka mpaka kwenye mara tano katika mia. Daktari alifurahi mno. Alialikwa kwenye mkutano wa wilaya, akaonyesha grafu ya miezi 6, na mganga mkuu wa wilaya akaanza kuuliza gharama ya kupeleka meseji kwenye kliniki zote.

Kwenye miezi 12 walirudi 150 na 146. Waliodhibiti presha walikuwa 70 na 66. Asilimia 47 kwa 45. Tofauti haifiki pointi mbili, na bahati peke yake ingeweza kuleta tofauti kama hiyo au kubwa zaidi mara 80 katika mia.

Hilo ndilo tokeo linaloombwa liachwe. Liangalie vizuri: si rekodi iliyokosewa, si mashine ya presha iliyoharibika. Ni jibu la swali walilouliza wenyewe.

Mtakwimu hakujibu usiku ule. Asubuhi alikwenda ofisini kwa daktari, akaamkia, akakaa. Daktari hakuwa na sura ya mtu anayetaka kudanganya, na nadhani hapa ndipo simulizi nyingi za aina hii zinapokosea, kwa kumchora mwandishi mwenza kama tapeli. Daktari huyu amepima presha za wagonjwa kwa mikono yake. Ameona watu wakipooza kwa kuacha kidonge cha bei ndogo. Anaamini meseji zinasaidia, na kwa imani hiyo tokeo la pili kwake ni kama kelele zinazoingilia wimbo.

"Hatufichi kitu," alisema. "Tunaandika makala mbili. Hii ya miezi sita, halafu ya pili itazungumzia miezi kumi na miwili na changamoto zake. Jarida lenyewe linataka maneno elfu tatu."

"Daktari, ya pili tutaiandika lini?"

"Tutaiandika."

Wote wawili walijua kwamba fedha za mradi zinaisha mwezi unaofuata.

Kisha daktari akatoa hoja yake ya kweli, na si hoja ya kubeza. "Angalia wewe mwenyewe. Wagonjwa mia na wanne hawakurudi. Hiyo ni zaidi ya robo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba watu wakipotea wengi hivyo, matokeo hayaaminiki. Sasa kwa nini nichapishe kitu kisichoaminika?"

Hoja hii ina historia. Mwezi Septemba 2000 jarida la JAMA lilichapisha utafiti mkubwa uliojulikana kwa jina la CLASS, wenye wagonjwa wa baridi yabisi zaidi ya 7,900. Uliilinganisha dawa mpya ya maumivu, Celebrex, na dawa mbili za zamani, ibuprofeni na diklofenaki. Swali lilikuwa kama dawa mpya inaharibu tumbo kidogo zaidi. Makala ilieleza matokeo ya miezi 6, na kwa miezi hiyo dawa mpya ilionekana nafuu kwa tumbo. Jarida liliiambatanisha na tahariri ya kuisifu. Ambacho wasomaji hawakuambiwa ni kwamba haya yalikuwa majaribio mawili yaliyounganishwa, kwamba itifaki zake zilipanga kuwafuatilia wagonjwa hadi mwaka na zaidi, na kwamba data za kipindi kirefu zilikuwa zimeshapatikana wakati makala inachapishwa. Mwezi Februari 2001 kamati ya washauri wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliziona data zote. Karibu matatizo yote ya vidonda yaliyotokea katika nusu ya pili yaliwapata waliokuwa wakimeza Celebrex. Ukihesabu kipindi chote, faida iliyotangazwa ilikuwa imeyeyuka. Mmoja wa madaktari wawili walioandika ile tahariri alikuwa mjumbe wa kamati hiyo, na ndipo alipoiona nusu ambayo hakuonyeshwa alipokuwa akiandika sifa zake. Baadaye aliwaambia waandishi wa habari kwamba amekasirika.

Na waandishi wa CLASS walijitetea vipi? Walisema baada ya miezi 6 wagonjwa wengi wa dawa za zamani walikuwa wamejitoa kwa sababu ya matumbo kuwasumbua, kwa hiyo waliobaki upande huo walikuwa wale wenye matumbo sugu, na ulinganisho haukuwa wa haki tena. Kitaalamu, jambo hilo linaweza kutokea kweli. Kila mtakwimu analijua. Tatizo ni kwamba halikuandikwa kwenye makala ili msomaji alipime mwenyewe. Liliamuliwa kwa niaba yake, kimyakimya, na waandishi ambao wote walikuwa waajiriwa wa kampuni yenye dawa au washauri waliolipwa nayo.

Kwa hiyo hoja ya daktari haijibiwi kwa kumsomea maadili. Inajibiwa kwa kuuliza: hao 104 waliopotea wangelazimika kuwa watu wa namna gani ili hitimisho libadilike? Mtakwimu alirudi mezani kwake akafanya hesabu hiyo. Watakwimu wanapima kwa njia hii ni wapi hitimisho linapopinduka, na ni hesabu ninayoipenda kwa sababu haihitaji chochote zaidi ya kugawanya na uvumilivu.

Upande wa meseji walipotea 50, upande wa kawaida 54. Kwanza akachukua dhana mbaya kuliko zote: kila asiyerudi presha yake iko juu. Basi waliodhibiti wanabaki 70 kati ya 200 na 66 kati ya 200, asilimia 35 kwa 33. Hakuna tofauti ya maana. Kisha akachukua dhana ya ukarimu: waliopotea wangedhibiti presha kwa viwango vilevile vilivyoonekana kwenye miezi 6, yaani asilimia 54 upande wa meseji na 43 upande wa pili. Hapo wanaongezeka 27 kwa 23, na jumla inakuwa 97 kwa 89. Tofauti ya pointi nne. Bado iko ndani kabisa ya uwezo wa bahati.

Mwisho akageuza swali. Tuseme waliopotea upande wa kawaida wabaki na wale 23. Je, upande wa meseji wangapi kati ya 50 waliopotea wangepaswa kuwa wamedhibiti presha ili tofauti ivuke ule mpaka wa mara tano katika mia? Jibu lilikuwa 39. Asilimia 78. Yaani tuamini kwamba wagonjwa walioacha kuja kliniki walikuwa na presha nzuri kupita kiasi kuliko walioendelea kuja, ambao ni asilimia 47 tu waliofaulu. Daktari yeyote wa presha anajua kwamba anayeacha kliniki mara nyingi ameacha na dawa.

Aliandika hesabu hizo kwenye ukurasa mmoja, jedwali la mistari mitatu, akampelekea. Hakuongeza neno la lawama. Hapo alifanya busara, kwa sababu jedwali lile lilihamisha mjadala kutoka kwenye heshima, ambako kijana hushindwa siku zote, hadi kwenye idadi ya watu ambayo daktari mwenyewe angeweza kuikadiria kwa uzoefu wake. Na lilikuwa limempa daktari haki yake: kupotea kwa robo ya wagonjwa ni udhaifu wa kweli, nao utaandikwa. Lakini udhaifu huo unakifanya kipimo cha miezi 12 kiwe hafifu tu. Haukifanyi cha miezi 6 kichukue nafasi yake.

Kuna jambo jingine ambalo daktari hakuliona, na watafiti wengi waaminifu hawalioni. Ule mpaka wa mara tano katika mia una maana pale tu swali linapochaguliwa kabla ya kuona jibu. Ukijiruhusu kupima mara mbili kisha utangaze kipimo kilichopendeza, umejipa nafasi mbili za kubahatisha. Kama vipimo viwili havihusiani, uwezekano wa angalau kimoja kukudanganya ni 1 − 0.95 × 0.95, ambayo ni 0.0975, karibu mara kumi katika mia. Wagonjwa wakiwa walewale kwenye vipimo vyote viwili, kama hapa, uwezekano hupungua kidogo lakini unabaki juu ya mara tano. Kwa hiyo, ile "mara mbili au tatu katika mia" iliyomfurahisha daktari ilikuwa halali ilipokuwa kipimo cha kufuatilia mwenendo. Mara tu alipokifanya kiwe jibu kuu kwa sababu ya sura yake, namba ile haikuwa tena na maana iliyoandikwa pembeni yake, ingawa hakuna tarakimu iliyobadilishwa.

Ndiyo maana ni vigumu kumkamata mtu wa namna hii. Data zote za miezi 6 ni sahihi. Hesabu zote ni sahihi. Mhakiki wa jarida akiomba faili, atapata kila kitu kinalingana. Kasoro iko kwenye kile ambacho hakipo, na kitu ambacho hakipo hakina mstari wa kuwekea alama nyekundu.

Njia ya kukibaini ipo moja ya uhakika, nayo ni kulinganisha makala na itifaki. Mwaka 2004 kundi la watafiti likiongozwa na An-Wen Chan lilifanya hivyo kwa majaribio 102 yaliyopitishwa na kamati za maadili nchini Denmark miaka ya 1994 na 1995. Walipata itifaki za awali, wakaziweka kando ya makala zilizochapishwa. Katika asilimia 62 ya majaribio, angalau tokeo kuu moja lilikuwa limebadilishwa, limeingizwa jipya au limeachwa. Wakawaandikia waandishi kuwauliza kama kuna matokeo ambayo hawakuyaripoti. Waliojibu swali hilo walikuwa 49. Kati yao 42 walisema hakuna, ilhali ushahidi ulikuwa kwenye itifaki zao wenyewe. Siamini kwamba wote 42 walikuwa waongo. Naamini wengi wao waliwahi kuambiwa, au kujiambia, "tuiache kwanza", na miaka michache baadaye wakawa hawakumbuki kwamba kulikuwa na kitu cha kuachwa.

Mwaka uliofuata, 2005, majarida makubwa ya tiba yakaanza kudai kwamba jaribio lisajiliwe hadharani kabla ya mgonjwa wa kwanza, la sivyo makala haitapokelewa. Sajili ya PACTR, yenye makao yake Cape Town, inafanya kazi hiyo kwa bara letu, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuifungua bila malipo. Kwa msomaji wa kawaida, huu ndio mlango ulio wazi kuliko yote. Ukisoma kwamba dawa au mpango fulani umefaulu, tafuta namba ya usajili mwishoni mwa muhtasari, fungua ukurasa wake, soma mstari wa tokeo kuu na muda wake. Kama usajili unasema miezi 12 na makala inasema 6, una swali la kuuliza, na hukuhitaji shahada kulipata.

Mtakwimu wetu alifungua ukurasa huo mbele ya daktari siku ya pili. Hakusema kitu. Mstari ulisomeka: tokeo kuu, udhibiti wa shinikizo la damu, miezi 12. Tarehe ilikuwa pale. Jina la daktari lilikuwa pale.

"Tunaweza kuubadilisha," daktari alisema.

"Tunaweza, Daktari. Lakini na tarehe ya kubadilisha itaonekana. Itakuwa ya wiki hii."

Akanyamaza kidogo, kisha akajaribu njia nyingine, ile inayouma zaidi: "Wewe binti nimekulea mimi. Barua yako ya masomo niliiandika mimi. Leo unanishikia sajili?"

Kwa wengi, kisa kinaishia hapa. Mtakwimu wa mradi mara nyingi ana mkataba wa mwaka, na anayeuhuisha ni huyuhuyu anayemwomba. Ushauri unaotolewa vitabuni ni kwamba akishindwa kukubaliana aondoe jina lake, na ni kweli kwamba kanuni za kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba zinamtaka kila mwandishi akubali kuwajibika kwa kazi nzima, si kwa sehemu yake tu. Lakini mimi nauona ushauri huo kuwa nusu. Jina likiondoka, makala inakwenda. Msomaji anabaki na miezi 6 peke yake, na sasa hata mtu aliyeijua nusu ya pili hayumo kwenye orodha ya kuulizwa. Kujiondoa kunamtoa mtakwimu kwenye matatizo bila kumgusa mgonjwa wa wilaya ya tatu ambaye atanunuliwa mpango wa meseji.

Yeye hakutishia kuondoka. Alisema, "Daktari, nisingekuja kukwambia kama nisingekuheshimu. Tukiituma bila hii na mtu akaifungua sajili, atakayeulizwa ni wewe." Kisha akaomba jambo dogo: rasimu ya tano wasome waandishi wote saba, ikiwa na jedwali lenye miezi 6 na 12, safu kwa safu, na ukurasa wa waliopotea. Kama wote wataona bado inafaa kuondolewa, waandike sababu yake ndani ya makala kwa maneno yao. Ni ombi gumu kulikataa, kwa kuwa sababu iliyokuwa tamu ofisini huwa chungu ikibidi ichapishwe. Waandishi wawili waliandika siku hiyohiyo wakitaka miezi 12 ibaki. Mmoja wao alikuwa muuguzi mkuu aliyesimamia upimaji, ambaye hakuzungumzia takwimu hata kidogo. Alisema tu kwamba wagonjwa walisafiri kwa basi kuja kupimwa mara ya mwisho, na hajui atawaambia walisafiri kwa ajili gani.

Daktari akakubali. Ila kukubali huko nako kuna ngazi, na shinikizo la pili huwa laini kuliko la kwanza. Rasimu ya sita ilirudi na miezi 12 ikiwa ndani, kwenye jedwali la tano la kiambatisho, huku muhtasari ukisema: "Meseji ziliboresha udhibiti wa presha kwa kiwango kikubwa katika miezi sita, mwelekeo chanya uliendelea hadi mwaka mmoja."

Kila neno hapo lina mtetezi. Asilimia 47 ni kubwa kuliko 45, kwa hiyo "mwelekeo chanya". Lakini muhtasari ndio sehemu ambayo wengi huisoma na kuishia hapo, ikiwa ni pamoja na waganga wakuu wenye bajeti mkononi, na ukiusoma huo huwezi kujua kwamba jaribio halikupata lilichokitafuta. Mtakwimu alijua pia kwamba tofauti ya chini ya pointi mbili inakuja na upana wake. Kwa data hizo, ukweli ungeweza kuwa popote kati ya meseji kupunguza udhibiti kwa pointi 10 na kuuongeza kwa 13. Upana kama huo hauna mwelekeo. Na ni vizuri kusema hapa kwamba hauthibitishi pia kuwa meseji hazifai kitu. Anayeandika "meseji hazisaidii" amekosea kama aliyeandika "zimesaidia". Hata ile tofauti ya miezi 6 ilikuwa na upana kutoka pointi moja na nusu hadi 22, yaani inaweza kuwa karibu na sifuri au kubwa sana.

Walibishana juu ya sentensi hiyo kwa wiki nzima, kwa simu na kwa karatasi. Daktari alitaka miezi 6 itangulie kwa sababu ilitangulia kwa kalenda. Mtakwimu alitaka tokeo kuu litangulie kwa sababu ndilo kuu. Daktari alitaka waliopotea watajwe mlemle kwenye muhtasari, na mtakwimu akakubali mara moja, maana alikuwa sahihi. Sentensi iliyotoka ilikuwa hii:

"Kwenye miezi 12, asilimia 47 ya kundi la meseji na asilimia 45 ya kundi la kawaida walikuwa wamedhibiti presha (tofauti pointi 1.5, mipaka ya uhakika wa asilimia 95 kutoka −10 hadi 13), wagonjwa 104 kati ya 400 hawakupimwa. Tofauti ya pointi 12 iliyoonekana kwenye miezi 6, ambayo haikuwa tokeo kuu, haikuonekana tena."

Daktari aliisoma kwa sauti, akavua miwani. "Na wilayani nitawaambia nini? Nilisimama mbele yao."

"Waambie kwenye miezi sita kulikuwa na tofauti, na kwenye kumi na miwili hatukuiona. Wasinunue kwanza. Daktari, nikuulize. Kampuni inayotuma zile meseji, si huwa inarudisha taarifa ya zilizofika na zilizokwama?"

"Inarudisha. Sijawahi kuifungua."

"Wagonjwa wanabadilisha laini. Kufikia mwezi wa tisa wa mradi, namba ngapi kati ya zile mia mbili zilikuwa bado hewani?"

Hakujua. Huenda nusu ya meseji za miezi ya mwisho hazikufika kwa mtu yeyote, na huenda zilifika zote na watu walikwisha kuzizoea. Mipango miwili tofauti kabisa ingefuata kutokana na majibu hayo mawili, na hakuna hata mmoja ambao ungemjia mtu anayesoma makala ya miezi 6 peke yake. Daktari alichukua simu, akatafuta namba ya kampuni ile, akasema ataiomba taarifa hiyo asubuhi, na kwamba makala isubiri mpaka ipatikane.